Kwa nini bawaba ilipasuka usiku: barua kwa mwanangu

Mbukwa, mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kwa nini mwalimu wenu wa karakana anakataza kumwagia maji kazi iliyotoka kuchomelewa, wakati huku mtaani umeona mafundi wakifanya hivyo kila siku na mageti yao yamesimama. Umeuliza vizuri. Nikikujibu kwa neno moja utasahau, kwa hiyo nakusimulia lililompata kijana mmoja tuliyekuwa naye karakana moja kule Kizota, kabla hujazaliwa.

Alikuwa amemaliza kujifunza, mkono wake mzuri, mshono wake umelala sawasawa kama msuko wa ukindu. Akapewa geti lake la kwanza la kufanya peke yake: bawa moja, upana mita 2, uzito kama kilo 80. Bomba na mabati alinunuliwa mapya. Kwa pini za bawaba alitaka kitu imara zaidi, akaenda kwa wauza skrepa akachukua kipande cha shafti ya gari dogo, unene wa milimita 25 hivi. Akaona kama shafti imezungusha magurudumu miaka yote hiyo bila kukatika, geti haliwezi kuishinda.

Ilikuwa Januari, mvua zimeshika. Vijiti vya kuchomelea vilikuwa kwenye pakiti iliyofunguliwa siku nyingi, imekaa bandani. Alichomelea pini vizuri, na kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa anasubiri, akamwagia maji ili apake rangi haraka. Jioni wakalitundika geti, likafunguka na kufunga bila kelele. Asubuhi mwenye nyumba akapiga simu: geti limeinama, bawaba ya juu imepasuka, na usiku hakuna aliyeligusa.

Kijana aliporudi na geti alikuwa keshaamua kosa ni moto mdogo. Akataka kuongeza moto wa mashine apige mshono mwingine juu ya ufa. Tulikuwa na mzee mmoja pale, fundi aliyefanya kazi reli miaka mingi kabla ya kustaafu. Kijana akamwamkia, "Shikamoo mzee," na mzee alipoitikia akamwambia, "Weka mashine chini kwanza. Nionyeshe ufa uko wapi."

Mwanangu, hapo ndipo pa kujifunza. Ufa haukuwa kwenye mshono. Mshono ulikuwa mzima. Ufa ulipita kandokando yake, upande wa pini, umbali wa milimita moja au mbili, ukifuata mshono kama kivuli chake. Mzee akaimalizia kuivunja kwa nyundo, akatugeuzia uso wa chuma. Ulikuwa unametameta chembechembe, haukupinda hata kidogo. Akasema kama kosa lingekuwa moto mdogo, mshono ungebanduka wote, na chini yake tungekuta uso laini wenye mikwaruzo ya grainda, maana chuma cha chini kisingekuwa kimeyeyuka. Chuma laini kikizidiwa, hupinda na kurefuka kabla ya kukatika. Hiki kilikatika kama kigae.

Kisha akachukua tupa. Akaipitisha kwenye pini mbali na mshono: ikala chuma, unga ukaanguka. Akaipitisha karibu na mshono: tupa ikateleza kama inapita kwenye kioo. Ni pini ileile, lakini sehemu mbili za tabia tofauti.

Sababu yake ni kaboni. Bomba na nondo laini tunazotumia kwenye mageti zina kaboni kidogo, kwa kawaida haifiki 0.25 kwa kila mia. Shafti hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni karibu 0.4 au zaidi, ili ikipashwa moto na kupozwa haraka iwe ngumu. Ndivyo kiwanda kinavyofanya, kwa vipimo vyake, kisha kinaipasha tena ili kupunguza ukali wa ule ugumu. Unapochomelea, chuma kilicho kando ya mshono hupita nyuzi 800, na ukikimwagia maji unafanya nusu ya kazi ya kiwanda: unakigumisha, halafu unakiacha hivyohivyo. Mwalimu wako atakutajia jina la chuma kilichogeuka hivyo, martensaiti. Ni kigumu sana, na hakivumilii kuvutwa.

Na kinavutwa kweli. Mshono wenyewe ukipoa husinyaa na kuvuta kila kilicho pembeni yake. Juu ya hapo kuna geti. Bawaba zake mbili zilikuwa umbali wa mita 1.4, na uzito wa kilo 80 uko katikati ya bawa, yaani mita 1 kutoka kwenye nguzo. Zidisha 80 kwa 1, gawanya kwa 1.4: bawaba ya juu inavutwa kuelekea nje kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 57, mchana na usiku, hata geti likiwa limefungwa.

Kijana akauliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nalo: mbona halikupasuka jioni lilipotundikwa? Mzee akaenda kuchukua ile pakiti ya vijiti. Unga uliokauka juu ya kijiti hunyonya unyevu wa hewa. Ukichomelea, moto unauvunja ule unyevu na hidrojeni yake inaingia kwenye chuma kilichoyeyuka. Chuma kikipoa ghafla hidrojeni inanaswa ndani, kisha inasogea polepole kuelekea pale palipo pagumu na panapovutwa zaidi. Ufa unaanza baada ya saa kadhaa, pengine siku mbili. Ndiyo maana kazi ya chuma cha namna hii, ukiikagua papo hapo na kuikuta nzima, bado hujaikagua.

Haya mambo matatu, ugumu, mvuto na hidrojeni, yalikutana mahali pamoja. Mafundi uliowaona wanamwaga maji wanaponea kwenye la kwanza: chuma chao kina kaboni kidogo, hakigumiki hivyo. Siku watakayookota shafti au springi, watapata kilekile.

Mzee alikataa mshono juu ya ufa. Ufa ukifunikwa unabaki chini na kuendelea. Wakakata pini zote mbili, hata ile ya chini iliyoonekana nzima, wakasaga hadi kwenye chuma safi, wakaweka pini za chuma laini zenye unene uleule wa milimita 25. Kwa bawaba ya geti zinatosha kabisa. Wakaziacha zipoe zenyewe. Kijana alitaka kujua angefanyaje kama angekuwa hana pini nyingine. Mzee akamwambia aipashe kwanza kwa mkaa hadi tone la maji likidondoka juu yake liruke na kukimbia badala ya kutulia na kuchemka, yaani inazidi nyuzi 200. Atumie vijiti vya hidrojeni ndogo, E7018, vilivyokaushwa kwenye oveni. Kisha aifukie kwenye majivu makavu hadi kesho yake. Mimi nasema kwa geti, achana nayo. Gharama ya mkaa na vijiti hivyo inanunua chuma laini na chenji inabaki.

Kabla ya kutumia chuma cha skrepa, kiguse kwenye grainda gizani kidogo. Chuma laini kinatoa cheche ndefu zilizonyooka, zinazopasuka chache. Chenye kaboni nyingi kinatoa cheche fupi zinazopasuka vinyota vingi karibu na jiwe. Weka pembeni kipande cha chuma unachokijua ulinganishe, maana jicho peke yake hudanganya.

Mwombe mwalimu akuruhusu kuchomelea vipande viwili vya shafti, kimoja ukimwagie maji, kingine ukifukie kwenye majivu. Viache siku mbili, kisha pitisha tupa kando ya kila mshono. Ukitaka kuvigonga kwa nyundo, vaa kinga ya uso na uwaambie wenzako wasogee, kwa sababu kile cha maji kinaweza kuruka vipande. Niandikie ulichokiona.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako