Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali kuhusu faili la marehemu na nani mwenye haki ya kuliomba

Kwa Mganga Mkuu wa Serikali,
Wizara ya Afya,
Mtumba, Dodoma.

Nakala: Ofisi ya Rais – TAMISEMI, kwa kuwa hospitali za halmashauri ziko chini yake.

YAH: KUTENGANISHA UNDUGU NA USIMAMIZI WA MIRATHI KATIKA MAOMBI YA KUMBUKUMBU ZA MATIBABU ZA MAREHEMU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wasaidizi wa kisheria tunaoziandikia familia maombi ya aina hii. Tunakuandikia kuhusu jibu ambalo mwombaji hupewa kwenye dirisha la kumbukumbu kabla barua yake haijasomwa: "Leteni kwanza barua ya mirathi." Jibu hilo linachanganya mambo matatu yasiyofanana. Kuna mtu aliyeandikwa kwenye faili kuwa ndugu wa karibu, kuna ndugu wa damu au wa ndoa mwenye vielelezo, na kuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Hakuna waraka unaomwambia karani yupi kati yao apewe nini, kwa hiyo anachagua njia isiyomletea lawama, yaani kukataa.

Tuchukue mfano, majina yakiwa ya kubuni. Mzee Salum anapelekwa kituo cha afya akiwa na tumbo lililovimba, anatapika na hapati choo. Anaandikiwa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, anafanyiwa upasuaji wa utumbo uliojifunga, na siku ya tatu anafariki. Aliyempeleka ni mdogo wake, ambaye pia alisaini fomu ya ridhaa ya upasuaji. Anayeomba kumbukumbu ni binti yake mkubwa, Zuhura. Anataka kujua saa ngapi baba yake alifika, saa ngapi aliingia chumba cha upasuaji, na nini kilifanyika usiku wa mwisho.

Karani anafungua faili, anaona jina la baba mdogo kwenye nafasi ya ndugu wa karibu, na kumwambia Zuhura kuwa yeye hatambuliki. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipo. Nafasi ile hujazwa usiku, mgonjwa akiwa kwenye kitanda cha magurudumu, na hujazwa jina la yeyote mwenye simu aliyesimama karibu. Anaweza kuwa jirani au hata dereva wa bodaboda. Inaonyesha nani apigiwe simu, basi. Haimpi mtu huyo haki ya kupewa faili, wala haimnyang'anyi mtoto haki yake.

Zuhura ana cheti chake cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha baba, vyote vya RITA. Kwa mtoto, vyeti hivyo viwili pamoja na kitambulisho chake cha NIDA vinapaswa kutosha kuthibitisha undugu. Mke au mume anahitaji cheti cha ndoa badala ya cheti cha kuzaliwa. Kwa ndugu wa tumbo moja kazi ni kubwa zaidi, kwani lazima alete vyeti viwili vya kuzaliwa, chake na cha marehemu, vinavyoonyesha wazazi walewale. Wazee wengi waliozaliwa vijijini hawana cheti. Hapo hutumika cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza shule, au hati ya kiapo ya mtu mzima aliyewajua wote wawili, ikiambatana na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Barua ya mtendaji ikiwa peke yake ni dhaifu. Mara nyingi mtendaji anaandika anachoambiwa na aliyekuja ofisini, na tumeona barua mbili za ofisi moja zikiwataja watu wawili tofauti kuwa mtoto pekee wa marehemu.

Tatizo linalokwamisha maombi mengi zaidi, hata hivyo, ni majina. Kwenye cheti cha kuzaliwa cha Zuhura baba ni "Salum Hamisi". Kitambulisho cha NIDA cha marehemu kinasema "Salum Hamisi Kipara". Hospitalini baba mdogo, akiulizwa jina haraka haraka, alisema "Hamisi Kipara, miaka 65", na muuguzi akaandika hivyo. Jina hilo likaingia kwenye kibali cha mazishi, na kutoka kwenye kibali likaingia kwenye cheti cha kifo. Kwa karatasi hizo, aliyefia wodini siye baba yake Zuhura. Karani anayekataa hapo hana makosa.

Dawa ya hali hii ni hati ya kiapo ya majina, lakini iandikwe vizuri. Itaje kila jina jinsi lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, na mbele ya kila jina itaje waraka lilipo pamoja na namba yake: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, kadi ya hospitali, kibali cha mazishi, cheti cha kifo. Kisha iseme majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Aape mtu aliyemjua marehemu kabla mwombaji hajazaliwa, kwa mfano huyo baba mdogo, mbele ya kamishna wa viapo au hakimu. Viapo vinavyorudishwa ni vile vinavyosema tu "alijulikana pia kwa majina mengine", au vilivyoacha tahajia moja. Fomu ya rufaa ya kituo cha afya ikisema "Salim" na kiapo hakikuitaja, hospitali inaweza kutoa kumbukumbu zake na kuiacha rufaa nje, wakati rufaa ndiyo yenye saa mgonjwa alipoondoka kituoni. Kwa hiyo tunawashauri watu waanzie kituo cha afya, waone jina lilivyoandikwa kule, ndipo waende kuapa.

Kama kadi yenye namba ya faili imepotea, faili bado linaweza kupatikana. Tarehe ya kifo inampeleka karani kwenye rejesta ya wodi na rejesta ya mochwari. Rejesta ya mochwari ina faida moja zaidi: inaonyesha nani aliuchukua mwili na lini, jambo linalosaidia kuunganisha jina lililokosewa na familia husika. Tunaomba karani aelekezwe kutafuta kwa njia hiyo kabla ya kuandika "faili halijaonekana".

Sasa barua ya mirathi. Kwa familia ya Zuhura, kuipata kunaanza na kikao cha ukoo na muhtasari wake, kisha maombi Mahakama ya Mwanzo, tangazo, muda wa pingamizi, ndipo uteuzi. Mali ya marehemu ikiwa ni shamba la ekari moja na baiskeli, familia nyingi hazifungui mirathi kabisa. Zinazofungua, mara nyingi humteua mtu mzima mwenye nafasi ya kuhudhuria mahakamani, ambaye huenda hana haja yoyote na faili. Msimamizi kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Kumfanya yeye mlango pekee wa kumbukumbu za tiba ni kumpa ufunguo mtu ambaye labda ndiye anayegombana na watoto wa marehemu.

Hatusemi barua hiyo haina kazi. Anayetaka kudai fidia mahakamani kwa niaba ya mirathi ataihitaji, na kabla ya kuishtaki Serikali lazima kutolewe notisi ya siku 90. Lakini mtu hawezi kujua kama ana dai kabla ya kuona chati. Kumtaka afungue mirathi ili aone chati zitakazomwambia kama kuna haja ya kufungua mirathi ni kumzungusha. Uingereza walilitatua hili kwa sheria ya mwaka 1990 inayowaruhusu watu wa aina mbili: msimamizi wa mirathi, na yeyote anayeweza kuwa na dai linalotokana na kifo. Huyu wa pili hupewa tu yale yanayohusu dai lake. Mpaka huo tunaupenda, na hapa kwetu unaweza kuwekwa kwa waraka wakati sheria ikisubiriwa.

Tunajua hoja ya siri. Tamko la Geneva la madaktari linasema siri ya mgonjwa inalindwa hata baada ya kufa kwake, nasi tunakubaliana nalo. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 nayo inalinda majibu ya vipimo vya virusi. Lakini siri ya ukurasa mmoja haipaswi kufungia faili zima. Daktari asome faili, aondoe ukurasa ambao marehemu hakutaka ujulikane au unaomtaja mtu mwingine, kisha aandike kwenye barua ya majibu kuwa ukurasa fulani umezuiwa na kwa sababu gani. Kwa kesi ya Zuhura, saa ya upasuaji haimfichui mtu yeyote.

Kuna pia suala la kile kinachotolewa. Familia ikiomba "kumbukumbu za marehemu", hupewa muhtasari wa kifo wa nusu ukurasa na jambo linaishia hapo. Kwa hiyo tunawaandikia waombe kwa majina: fomu ya rufaa, karatasi ya kupokelewa, noti za daktari, fomu ya ridhaa, taarifa ya upasuaji, chati ya usingizi, chati ya joto, mapigo na shinikizo la damu, chati ya dawa, chati ya maji yaliyoingia na kutoka, noti za wauguzi na majibu ya maabara. Mgonjwa wa utumbo uliojifunga hupoteza maji mengi, na chati ya maji ndiyo inayoonyesha kama yalirudishwa. Bila hiyo muhtasari hausaidii kitu. Ukitaka kujua kama nakala zimepunguzwa, linganisha chati ya dawa na noti za wauguzi: dawa ikiwa imetiwa saini saa 8 usiku na noti za usiku huo hazipo, kuna karatasi iliyobaki kabatini.

Tunaomba basi utoe waraka kwa waganga wafawidhi wote. Useme kwamba mke, mume, mtoto au mzazi mwenye vyeti, na kiapo pale majina yanapotofautiana, apewe muhtasari wa kifo na aelezwe na daktari bila kudaiwa barua ya mirathi. Mmoja wa hao akieleza kwa maandishi dai au shaka aliyonayo, apewe nakala za sehemu zinazohusu shaka hiyo. Msimamizi wa mirathi apewe zinazohusu kazi aliyopewa na mahakama. Jina lililo kwenye nafasi ya ndugu wa karibu lisitumike kumpa wala kumnyima mtu.

Useme pia kwamba barua ya maombi ipokelewe kwa muhuri na tarehe kwenye nakala ya mwombaji. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaweka siku 30 za kujibu, na bila muhuri hakuna anayeweza kuonyesha siku hizo zilianza lini. Nakala zipewe namba za kurasa, kila ukurasa ugongwe muhuri wa nakala halisi, na barua ya majibu itaje jumla ya kurasa zilizomo kwenye faili na idadi ya zilizotolewa. Faili halisi libaki hospitalini. Anayekataa aandike sababu na kusaini kwa jina na cheo, ili mwombaji ajue aende kwa nani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wasaidizi wa kisheria