Uani kuna Abdallah wawili, huyu wa tatu tumwiteje?

Mheshimiwa mhariri, asalaam aleikum. Naomba nafasi nieleze jambo letu ili wasomaji waliokwisha kulipitia watushauri.

Tumejaaliwa mtoto wa kiume hapa Tanga na siku ya saba tunamfanyia akika. Jina lake rasmi halina mjadala: ni Abdallah, jina la marehemu babu yake mzaa baba. Lililobaki ni jina la kumwitia nyumbani, na hilo ndilo limegawa ukoo.

Tunaishi ua mmoja, kaka, dada na mama yetu. Kaka Rajabu ana Abdallah wake, kijana wa darasa la tatu, naye anaitwa Dula. Dada Mwanaidi naye ana Abdallah, yuko darasa la awali, na huyo pia mitaani wanamwita Dula. Hapo ndipo ufupisho wa kawaida unapogoma. Majina yetu ya pwani yana vifupisho vyake vinavyojulikana na kila mtu: Abdallah ni Dula, Ramadhani ni Rama, Rashidi ni Chidi, Selemani ni Sele, Bakari ni Beka. Umpe mtoto jina hilo, utake usitake, watu watalifupisha vilevile. Kwa hiyo ufupisho unasaidia mdomo tu, hautenganishi watoto. Kwa sasa tunasema Dula Mkubwa na Dula Mdogo, lakini huyu mchanga akiingia, yule "Mdogo" hatakuwa mdogo tena, na yeye mwenyewe ameshaanza kukasirika akiitwa hivyo mbele ya wenzake.

Kuna pia suala la adabu. Mama yetu yuko kwenye eda na tangu zamani hatamki jina la mumewe. Mjukuu anamwita "mume wangu", na inampa faraja tunayoiona usoni mwake. Mke wangu naye hatamki jina la baba mkwe, anamwita mtoto "baba". Shangazi zake wanamwita "babu". Yote ni majina ya mapenzi, ila hakuna hata moja ambalo nyumba nzima inaweza kulitumia. Mke wangu hawezi kupiga ukelele "baba, toka kwenye moto!" bila mimi kugeuka, na "babu" tunaye mwingine aliye hai, mzaa mama, anayekuja kila Ijumaa. Mtoto huanza kugeuka akisikia jina lake akiwa na miezi sita hivi. Akisikia majina haya yote kwa zamu, hatajua lipi ni lake.

Tena mtoto wa kwanza hubadilisha na jina la wazazi. Mke wa kaka ni Mama Abdallah, dada ni Mama Abdallah, na sasa mke wangu naye. Mtu akibisha hodi akamuulizia Mama Abdallah, wanatoka watatu. Ndiyo maana nasema jina la nyumbani linapaswa kukaa vizuri hata likitanguliwa na "Mama": Mama Dula linakaa, Mama Mume Wangu haliwezekani.

Kwenye karatasi mambo ni mazito zaidi kuliko tulivyodhani. Kwetu majina yanapokezana: marehemu alikuwa Abdallah bin Saidi, mimi ni Saidi, na mwanangu anakuwa Abdallah Saidi Abdallah. Ukiandika mawili tu, Abdallah Saidi, umeandika jina la marehemu herufi kwa herufi. Nyumba bado iko kwa jina hilo na mirathi haijagawanywa. Kwa hiyo tumeazimia kuwa kila hati ya mtoto, kuanzia tangazo la kizazi, kadi ya kliniki hadi cheti cha RITA, ambacho tunataka kukiomba kabla siku 90 hazijapita, ibebe majina matatu kamili. Binamu zake hawana tatizo hilo. Wa kaka ni Abdallah Rajabu Abdallah, na wa dada anafuata jina la baba yake na la babu yake wa upande ule. Wa kwetu tu ndiye anayegongana na marehemu.

Jina la nyumbani lisiguse karatasi yoyote. Hilo tunalishikilia kwa sababu tunajua linavyopenya: mlezi anampeleka mtoto kliniki, nesi anauliza "anaitwa nani?", mlezi anajibu kwa jina alilolizoea, linaandikwa kwenye kadi. Kadi inakwenda shule ya awali, mwalimu ananakili kwenye daftari la mahudhurio, na wakati wa kusajili mtihani wa darasa la saba ndipo mzazi anagundua kuwa jina la shuleni si lile la cheti cha kuzaliwa. Kurekebisha hapo ni kiapo, barua na nauli. Tumeamua jalada la kadi liandikwe kwa wino majina matatu na mlezi aambiwe aonyeshe kadi, asitaje jina kwa mdomo.

Sasa majina yaliyo mezani. La kwanza ni Nahodha, kwa kuwa marehemu alikuwa nahodha wa jahazi na wengi bandarini walimjua hivyo. Linamkumbusha babu bila kutaja jina lake, mama yetu analitamka bila kigugumizi, hakuna mwingine uani mwenye nalo, na ukiita toka uwanjani linasikika hadi barabarani kwa sababu ya ile "o" ya katikati inayovutika. Mama Nahodha nalo linakaa mdomoni.

La pili ni Kibwana. Ni fupi, la heshima, halimbebeshi mtoto kazi ya mtu mwingine. Kibabu tumelikataa. Kwa mtoto wa mwaka mmoja linachekesha, kwa kijana wa miaka kumi na miwili ni kejeli, na dini imetukataza kuitana kwa majina ya kejeli.

Pingamizi la shangazi mkubwa ndilo linalonifanya niandike. Anasema Nahodha ni zuri mno, na jina zuri la nyumbani humeza jina lenyewe. Anatoa mfano wa watu wazima mtaani ambao hata msibani hujui jina lao hadi litangazwe. Akiitwa Nahodha miaka ishirini, anauliza, tutakuwa tumemrithisha nini babu yake? Anataka tuvumilie, tumwite Abdallah wa Saidi na wale wengine Abdallah wa Rajabu na Abdallah wa Mwanaidi. Ninamheshimu, lakini kwa mtoto anayetambaa kuelekea kisimani, jina la maneno matatu ni refu mno.

Nimefikiria njia ya kati: Nahodha nyumbani, na kuanzia miaka mitatu tumfundishe kila siku kujibu "jina lako kamili nani?" ili akiitwa Abdallah darasani asikae kimya akidhani anaitwa mwingine. Pia aitwe Abdallah siku za Idi, madrasa na kwenye dua za marehemu.

Maswali yangu ni haya. Wenye jina la nyumbani linalotokana na kazi ya babu, je, lilibaki nyumbani au lilitoka likawa ndilo jina la mtu? Kibwana, lisilo na uhusiano na marehemu, lina hatari ndogo zaidi ya kulimeza jina? Na mama yetu, ambaye eda yake itakwisha ikitimia miezi minne na siku kumi tangu marehemu afariki, tumwombe naye atumie jina moja na sisi, au tumwachie "mume wangu" wake?

Wasalaam,
Baba wa mtoto, Tanga