Barua kwa mwalimu rafiki: kulitafuta tokeo lililokosekana

Kwako rafiki yangu na mwalimu mwenzangu,

Salamu nyingi. Nimeipitia karatasi yako ya mazoezi ya uwezekano, ile ya dadu na sarafu, pamoja na majibu ya wanafunzi uliyoyaambatisha. Unauliza kwa nini hata wale wanaojua kugawanya vizuri bado wanakosa. Nionavyo mimi, kugawanya kwao hakuna kasoro. Kasoro iko kabla ya hapo, kwenye orodha ya matokeo yote. Tokeo moja likidondoka humo, kila swali linaloitegemea orodha hiyo huharibika, nawe msahihishaji unabaki kutazama sehemu ya ajabu usijue imetoka wapi. Basi nitakuandikia juu ya jambo hilo moja: namna ya kuikagua orodha hadi tokeo lililokosekana lijulikane kwa jina.

Tuanze na swali la kurusha sarafu tatu, K ikiwa kichwa na M mkia. Orodha iliyojirudia kwenye majibu yale ni hii: KKK, KKM, KMK, MKK, MMK, MKM, MMM. Ni matokeo saba, na sote tunajua yanatakiwa manane, kwa kuwa kila sarafu ina njia mbili na 2 × 2 × 2 ni 8. Kosa tunalolifanya walimu ni kumwambia mwanafunzi, "Yapo saba, tafuta la nane," naye anaanza kubahatisha. Anaandika tena MKK, anahesabu nane, anaridhika. Hesabu ya jumla inamwambia kwamba kuna pengo, lakini haimwambii pengo liko wapi, tena inadanganywa kwa urahisi na tokeo lililoandikwa mara mbili.

Mwambie ayaandike matokeo yake yakishuka chini, moja chini ya jingine, herufi zikae kwenye safu wima tatu zilizonyooka. Halafu ahesabu K na M katika kila safu wima. Sarafu ya kwanza ikiwa kichwa, zile mbili zilizobaki zina njia nne. Ikiwa mkia, zina njia nne zilezile. Kwa hiyo orodha kamili lazima iwe na K nne na M nne katika kila safu wima. Kwenye orodha ile ya saba, safu wima ya kwanza ina K tatu na M nne, kwa hiyo tokeo lililopotea linaanza na K. Ya pili ina K nne na M tatu, kwa hiyo katikati ni M. Ya tatu nayo ina K nne na M tatu, kwa hiyo mwisho ni M. Lililopotea ni KMM. Hakuna kubahatisha hapo, na hata mwanafunzi ambaye bado hajaielewa kanuni ya kuzidisha anaweza kulifanya.

Ukaguzi huohuo unakamata kosa ambalo hesabu ya jumla hailioni kabisa. Tuseme orodha ina mistari minane, lakini KKM imeandikwa mara mbili na KMM haimo. Safu wima ya kwanza itatoka nne kwa nne, ya tatu itatoka nne kwa nne, ila ya pili itakuwa na K tano na M tatu. Maana yake tokeo lililorudiwa na tokeo lililokosekana zinatofautiana kwenye sarafu ya pili tu. Atafute lililorudiwa, abadilishe herufi ya katikati, na kazi imekwisha.

Njia ya pili ni ya pacha. Kila tokeo lina pacha wake anayepatikana kwa kugeuza kila K kuwa M na kila M kuwa K: KKK na MMM, KKM na MMK, KMK na MKM. Kwenye orodha ya saba, MKK anabaki peke yake, na pacha wake ni yuleyule KMM. Wanafunzi wadogo huipenda njia hii kwa sababu wanaweza kuunganisha mapacha kwa mistari ya penseli na kumwona mpweke kwa macho. Ina upofu wake, hata hivyo. KMK na MKM wakipotea wote wawili, hakuna pacha atakayelia, na safu wima zote zitasoma tatu kwa tatu. Zimelingana, lakini hazikufika nne. Hapo utajua kwamba mapengo ni mawili na kwamba ni mapacha, ila hutajua ni mapacha gani. Dawa ni kuipanga orodha upya: sarafu ya mwisho ibadilike kila mstari, ya katikati kila baada ya mistari miwili, ya kwanza kila baada ya mistari minne. KKK, KKM, KMK, KMM, kisha MKK, MKM, MMK, MMM. Wanafunzi wakipangilia hivi, weka jicho lako katikati, pale sarafu ya kwanza inapogeuka kutoka K kwenda M, maana mwenye haraka huruka KMM na kuanza upande wa pili mapema.

Wapo wanaopanga kwa idadi ya vichwa, na usiwazuie. Kwa sarafu tatu makundi yao yawe na 1, 3, 3 na 1. Kwa sarafu nne yawe na 1, 4, 6, 4 na 1, na ugumu wote uko kwenye lile kundi la sita lenye vichwa viwili: KKMM, KMKM, KMMK, MKKM, MKMK, MMKK. Kundi hilo nalo lina ukaguzi wake wa safu wima: K tatu na M tatu kila mahali.

Kuna jibu moja kwenye karatasi zile ambalo ningekuomba usilipige mkasi haraka. Swali la sarafu mbili linataka uwezekano wa kupata kichwa angalau kimoja, na mwanafunzi amejibu 2/3. Orodha yake ni K, MK, MM. Amefikiri kwamba kichwa kikitoka mara ya kwanza hakuna haja ya kurusha tena. D'Alembert, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa, aliitetea hoja hiyohiyo kwa maandishi mwaka 1754, kwa hiyo si hoja ya mtu mvivu. Kasoro yake inaonekana kwenye urefu wa mistari: K ina herufi moja, mingine ina mbili. Matokeo ya urefu tofauti hayana uzito sawa. K pekee imebeba nusu nzima, MK na MM zimebeba robo moja moja. Akiirefusha K iwe KK na KM, orodha inafika nne na jibu linakuwa 3/4. Kanuni ya kumpa ni fupi: kila mstari uwe na herufi nyingi sawasawa na sarafu zilizorushwa, hata kama mshindi ameshajulikana.

Sasa dadu mbili. Hapa pengo huwa si tokeo moja bali kundi zima, na jibu la mwisho linakuonyesha ni kundi lipi. Swali lako linataka uwezekano wa jumla ya 7. Jibu sahihi ni 6/36, yaani 1/6. Aliyeandika 1/5 ana orodha ya jozi 30. Ameacha jozi za namba sawa, kuanzia (1,1) hadi (6,6), akiamini kwamba dadu mbili lazima zitoe namba tofauti. Aliyeandika 1/11 hakuorodhesha jozi, ameorodhesha jumla kuanzia 2 hadi 12 na kuzihesabu kama zina nguvu sawa, ilhali jumla ya 2 ina njia moja na ya 7 ina njia sita.

Aliyeandika 1/7 ndiye wa kuchunguza zaidi, kwa sababu makosa mawili yanayopingana huishia hapo. Wa kwanza ana jozi 21: ameandika (1,2) na kuiacha (2,1), akidhani ni kitu kimoja. Jumla ya 7 kwake ina njia tatu, na 3/21 ni 1/7. Wa pili ana jozi 42: amefundishwa kwamba kila jozi igeuzwe, akageuza hata (3,3) na kuiandika mara mbili. Kwake jumla ya 7 ina njia sita, na 6/42 ni 1/7 vilevile. Swali la jumla ya 8 nalo haliwatenganishi, maana wote watasema 1/7 tena badala ya 5/36. Kwa hiyo usisahihishe kwa kutazama jibu tu. Tazama orodha, na hasa tazama (3,3): imo mara ngapi?

Kwa yule wa jozi 21, maneno hayatoshi. Mpe dadu mbili za rangi tofauti, nyekundu na bluu, na namba ya nyekundu iandikwe kwanza daima. Nyekundu 1 na bluu 2 ni tukio tofauti na nyekundu 2 na bluu 1, analiona mezani. Ukizipaka dadu rangi moja, mwendo wao haubadiliki. Kinachopungua ni uwezo wetu wa kuzitofautisha. Kwa yule wa jozi 42, rangi hizohizo zinamwonyesha kwamba nyekundu 3 na bluu 3 ina namna moja tu ya kutokea.

Jozi moja ikidondoka na kubaki 35, rudi kwenye safu wima. Kila namba lazima itokee mara sita upande wa nyekundu na mara sita upande wa bluu. Kama 4 ipo mara tano tu upande wa nyekundu, na 2 ipo mara tano tu upande wa bluu, iliyokosekana ni (4,2).

Kwenye karatasi yenyewe ningebadilisha mambo mawili. Umechora mistari minane kamili kwa swali la sarafu tatu, na hiyo inampa mwanafunzi jibu la idadi kabla hajafikiri. Acha nafasi tupu. Kisha ongeza swali lenye orodha mbovu uliyoitengeneza wewe: moja yenye pengo moja, moja yenye mistari minane lakini ina marudio, na moja iliyokosa mapacha wawili. Wasitafute uwezekano wowote hapo. Waeleze tu kilichokosekana na wamejuaje. Swali la sarafu moja na dadu moja liache lilivyo, ila ukiona jibu lina 8 chini ya mstari, mwanafunzi amejumlisha 2 na 6 badala ya kuzidisha kupata 12. Muulize tu K imeandamana na namba ngapi.

Nitumie karatasi mpya ukishaiandaa, nami nitaisoma kwa penseli mkononi.

Wasalaam,
Rafiki yako