Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu: Tuulizwe Kuhusu Kijiti Kabla ya Kupewa Dawa

Ndugu Mganga Mkuu wa wilaya yetu,

Kwa heshima zote, hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za kwanza nilizileta ofisini kwa mkono, nikajibiwa kwamba suala limepokelewa na litafanyiwa kazi. Naandika hadharani sasa kwa sababu Jumatatu iliyopita mdogo wangu alirudi kutoka kliniki ya uzazi wa mpango na pakiti tatu za vidonge vya majira, ilhali huu ni mwaka wa saba anameza kabamazepini kwa ajili ya kifafa, na hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani nyingine.

Yaliyonikuta unayajua, lakini nitayarudia. Nilipoanza dawa za kifua kikuu nilikuwa na kijiti kwenye mkono wa kushoto, vile viwili vya kuzuia mimba kwa miaka mitano. Nilielekezwa vizuri kwamba mkojo ungegeuka rangi ya machungwa na nisishtuke, kwamba nimeze dawa kila siku kwa miezi sita, na kwamba nisiache hata nikijisikia mzima. Muuguzi alifunga mkanda wa kupimia presha juu ya mkono huohuo wenye kijiti, lakini kuhusu kijiti hakuuliza.

Mwezi wa tano nilianza kutapika. Kituoni walisema ni dawa, nami niliamini hivyo, kwa kuwa hedhi yangu ilikwisha kuvurugika tangu niwekewe kijiti na kukosa siku zangu hakukunitisha. Kipimo kilipofanywa hatimaye, mimba ilikuwa na wiki kumi na moja. Mume wangu aliniuliza kama nilikitoa kijiti kwa siri. Nilishika vidole vyake nikaviweka mkononi pangu ili avihisi mwenyewe. Namshukuru Mungu binti yetu alizaliwa salama, na dawa zile za kifua kikuu hazikumdhuru, lakini ndoa yangu ilibeba tuhuma ambayo swali moja lingeizuia.

Sababu nilielezwa baadaye na daktari aliyekitoa kijiti. Rifampisini, ile ile inayobadilisha rangi ya mkojo, hulichochea ini kutengeneza kwa wingi vimeng'enya vinavyovunja homoni. Kijiti hutoa homoni kidogo kidogo, na vidonge vya majira navyo vina kiasi kidogo, kwa hiyo ini likichangamka hivyo, kinachobaki kwenye damu hakitoshi kuzuia mimba. Hali hiyo haiishi siku ya kidonge cha mwisho, bali huendelea kwa takriban wiki nne. Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini, ambazo wagonjwa wengi wa kifafa hupewa, hufanya vivyo hivyo.

Kinachoniumiza ni kwamba njia zilikuwepo. Sindano ya miezi mitatu hubaki na nguvu, kwa ratiba yake ya kawaida, na kitanzi cha shaba hakina homoni ya kuvunjwa. Hata mimi ningeweza kubaki na kijiti changu na kutumia kondomu kila mara kwa miezi ile sita na wiki nne baada yake. Kwa mdogo wangu, ambaye dawa yake ni ya miaka, kumwambia ategemee kondomu muda wote huo si haki. Yeye anahitaji sindano au kitanzi. Na mwanamke ambaye ameshakutana na mumewe bila kinga, akiwa kwenye dawa hizi, awekewe kitanzi cha shaba ndani ya siku tano, au, kisipopatikana, apewe dozi maradufu ya kidonge cha dharura, kwani dozi ya kawaida huenda isimtoshe. Jambo ambalo asiambiwe kamwe ni kuacha dawa ya kifua kikuu au ya kifafa.

Nadhani kosa linaanzia kwenye milango miwili: dawa za kifua kikuu na za kifafa hutolewa chumba kimoja, uzazi wa mpango chumba kingine, na madaftari yao hayaonani. Siwalaumu wauguzi, ambao foleni zao naziona.

Kwa hiyo, Ndugu Mganga Mkuu, ninachoomba ni kile nilichoomba mara mbili zilizopita. Chumba cha dawa mwanamke aulizwe anatumia njia gani ya uzazi wa mpango, na chumba cha uzazi wa mpango aulizwe anameza dawa gani, kisha jibu liandikwe kwenye kadi yake. Semina inaweza kusubiri, lakini swali hilo lianze kuulizwa wiki hii.

Pakiti za mdogo wangu bado ziko juu ya kabati, na Alhamisi nitampeleka mwenyewe kuomba sindano.

Wako katika kusubiri jibu,
Mama wa watoto watatu, Moshi