Kwa mdogo wangu unayeshuka Goma: ukurasa wa usiku wa kwanza

Mdogo wangu,

Umesema utaanza kuandika daftari siku utakayoingia Goma kuanza kazi. Ya moyoni andika utakavyo, hayo hayana mwalimu. Ila kwenye ukurasa wa usiku wa kwanza acha nafasi ya chumba chenyewe. Kimelala juu ya mawe ya volkano, na mawe hayo yana tabia ambazo kisiwani Idjwi hamna haja ya kuzijua.

Hebu tuutazame usiku wenyewe. Boti inafika bandarini jioni, nguo zina unyevu, umechoka. Kitanda hujanunua bado, kwa hiyo godoro linatandikwa chini. Mji huujui, unaogopa wezi, unafunga mlango na dirisha. Mvua ikinyesha unaingiza mbabula ndani upike na ukaushe nguo. Kila moja ya hayo ni jambo la kawaida, lakini yote matatu kwa pamoja yanamweka mgeni kati ya gesi mbili ambazo pua haiwezi kuzinusa.

Ya kwanza inatoka ardhini, ndiyo tunayoiita mazuku. Ni kaboni dioksidi inayopanda kutoka chini ya volkano na kupenya kwenye nyufa za mawe, sanasana upande wa magharibi, kutoka Himbi na Keshero kuelekea Bulengo hadi Sake. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, kwa hiyo hutiririka kwenda bondeni na kutuama mashimoni. Mchana jua na upepo huitawanya. Usiku usio na upepo hujikusanya, na hatari huwa kubwa alfajiri. Ndiyo maana mtu mzima aweza kupita mahali akiwa amesimama asihisi kitu, na mbuzi akafia hapohapo. Gesi ikifika kama sehemu 3 hadi 5 kwa mia ya hewa, kichwa huuma na pumzi huenda mbio. Ikifika 10 kwa mia, mtu huzimia ndani ya dakika chache. Aliyelala chini ndiye yuko ndani yake.

Ya pili ni ya makala: kaboni monoksidi. Hii si nzito, huenea chumba kizima, kwa hiyo kulala juu hakukusaidii chochote. Watu husubiri moshi uishe ndipo waingize mbabula, wakidhani hatari imekwisha, kumbe makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoitoa kwa wingi, hata yakiwa yamefunikwa na majivu. Damu huipenda gesi hiyo zaidi ya mara 200 kuliko inavyoipenda oksijeni. Unaanza na kichwa, kichefuchefu, miguu inalegea, halafu usingizi mzito.

Shida ni kwamba dalili hizo hufanana na uchovu wa safari, na hufanana na malaria. Mgeni humeza dawa ya kichwa na kurudi kulala palepale. Hapo ndipo daftari linapofaa.

Sheria ya usiku wa kwanza ni moja: makala yasiingie ndani kabisa. Pikia kibarazani, au ule mkate na chai ya jirani. Ukifanya hivyo umeondoa gesi moja kwenye hesabu, na chochote utakachohisi asubuhi makala hayana lawama. Kisha andika, kwa mfano hivi:

"Saa 1 jioni. Nimeingia. Sakafu iko chini ya barabara kwa kimo cha goti. Ya simenti, ina ufa kutoka mlangoni hadi kona. Dirisha moja, juu. Saa 3 nimelala, godoro juu ya meza mbili nilizoazima. Hakuna moto ndani. Kichwa: salama. Nje hakuna upepo. Saa 11 alfajiri nimeamka, kichwa kizito, pumzi fupi. Nimetoka barabarani. Saa 4 asubuhi, kazini, kichwa kimepona."

Sasa usome kama fundi. Maumivu yaliyokuja alfajiri yakaondoka baada ya kukaa nje, bila moto wowote ndani, yanaelekeza ardhini. Na sakafu iliyo chini ya barabara yenye ufa inakubaliana nayo. Kama ungekuwa umewasha mbabula usingejua nani mkosaji. Na kama kichwa kingeendelea hadi mchana, mwili una joto na baridi, ungeenda kupima malaria siku hiyohiyo. Usisubiri usiku wa pili ili kuthibitisha. Alfajiri kama hiyo moja inatosha kuhama.

Kuhusu dirisha, wengi hukosea. Dirisha la juu husaidia kwa gesi ya makala, lakini mazuku haipandi hadi huko. Yenyewe inahitaji mlango wa kutokea chini, na nje pawe pameinama ili itiririke kwenda zake. Chumba kilichojengwa ndani ya shimo palipochimbwa mawe hakina pa kuitolea. Ukifungua mlango hapo unaweza kuikaribisha badala ya kuitoa. Godoro kwenye meza ni la usiku mmoja wa mashaka tu, lisikufanye ulipe mwezi wa pili.

Utasikia pia habari ya mshumaa: uweke chini, ukizimika kuna mazuku. Ukizimika kweli, toka mara moja. Lakini usipozimika haimaanishi uko salama, kwa sababu mwali unaweza kuendelea kuwaka kwenye hewa ambayo tayari inakuumiza kichwa. Na kwa gesi ya makala mshumaa hauna habari kabisa.

Kama unaweza kukiona chumba mchana kabla ya kutoa garanti, zunguka parsele yote. Tazama kama ukuta unafunga bonde pande zote, kama kuna shimo la choo lililoachwa wazi, kama wadudu au ndege wamekufa pembeni mwake. Kisha uliza jirani mwenye kuku, usimwulize mwenye nyumba. Uliza hivi: "Kuku wenu huamka wazima wote?" Swali la mazuku moja kwa moja mtu huweza kulikwepa kwa aibu ya mtaa, la kuku hulijibu bila kufikiri. Nyumbakumi naye huwa anajua parsele zenye historia, na watu wa OVG, wachunguzi wa volkano, wanayajua maeneo ya mazuku kuliko sisi sote.

Jambo moja la kuandika kwa herufi kubwa. Ukimkuta mtu ameanguka shimoni au kwenye chumba cha chini, usishuke na usiiname kumwinua. Wanaomfuata wa kwanza ndio huongeza maiti. Piga kelele, tafuta kamba na watu, avutwe na watu waliobaki juu. Kwa aliyeangushwa na makala ni tofauti: vuta pumzi nje, fungua mlango wazi, mkokote hadi nje, ndipo mengine yafuate. Wote wawili wapelekwe hospitali hata wakiamka na kusema wamepona, na mwambie daktari ulichokuta: moto ndani, au sakafu ya shimo.

Kitanda nunua wiki hiyohiyo ya kwanza, cha mbao, chenye miguu ya kufika gotini. Chumba kikiwa kizuri, kitanda hicho kitakukinga na baridi ya simenti tu, na hiyo nayo si haba. Mbabula ikae kibarazani hata mvua ikinyesha. Bati moja la kuikinga ni bei ndogo.

Dada yako