Barua kwa meneja wa nyumba: dohani ya hita ya gesi ikaguliwe

Nairobi,
18 Julai 2025

Kwa Meneja wa Nyumba,

KUH: DOHANI YA HITA YA MAJI YA GESI, MLANGO NAMBA 9

Kwa wiki tatu sasa mimi, mwanangu na dada anayetusaidia kazi tumekuwa tukiumwa na kichwa, na naamini moshi wa hita ya gesi iliyo bafuni unarudi ndani ya nyumba. Naomba dohani yake ikaguliwe.

Yalianza baridi ilipozidi na tukawa tunafunga madirisha. Kichwa hunianza nikiwa bado naoga, kinabana kama kimefungwa kitambaa, kisha kichefuchefu. Wikendi tuliyolala Nakuru hakuna aliyeumwa. Jumatatu jioni tulioga watatu kwa mfululizo. Mwanangu, wa mwisho, akatoka akiyumba na kuketi sakafuni. Asubuhi nilimpeleka zahanati, na kifaa cha kubana kidoleni kikaonyesha oksijeni 98. Daktari akanieleza kwamba kifaa kile hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi, na kwamba baada ya usiku mzima nje ya bafu sumu hiyo huwa imeshapungua mno.

Mlinzi wenu wa jengo alikuja, akabadilisha betri mbili za kuwashia, akasema hasikii harufu ya gesi. Lakini gesi ya mtungi hunuka kwa sababu hutiwa harufu makusudi. Kaboni monoksaidi hainuki wala haionekani.

Mimi nimeona haya: moto wa hita, uliokuwa wa buluu, sasa ni wa manjano, na juu ya kifuniko pana masizi. Niliwasha udi nikausogeza chini kidogo ya mahali dohani inapoanzia, hita ikiwaka. Moshi ulipaswa kuvutwa juu, ulinirudia usoni. Dohani hiyo inatokea kwenye baraza ya nyuma, ambayo mafundi wenu waliiziba kwa vioo mwezi wa Mei. Moshi hauna pa kwenda.

Tangu Jumanne nimefunga gesi ya hita, tunachemsha maji kwa sufuria. Mtoto wa miaka sita anaogea karai.

Naomba kabla ya Jumatano, 23 Julai, mlete fundi wa gesi mwenye leseni. Aishushe dohani aangalie viungo na kama kuna kitu kimeiziba, asafishe hita, kisha apime hewa ya bafuni kwa mita ya kaboni monoksaidi huku mlango na dirisha vimefungwa. Mdomo wa dohani utolewe hadi nje ya vioo, na nipewe ripoti kwa maandishi. Milango namba 6 na 12 ina baraza kama yangu, iliyozibwa siku zile zile. Tafadhali waambieni leo wasiwashe hita zao.

Wako mwaminifu,
Mpangaji, mlango namba 9