Saa ilisema 718, kikokotoo kikasema 273

Mwezi uliopita mama mmoja anayeuza dagaa soko la Mwanga, hapa Kigoma, alishuka kwenye mashine ya kukimbilia hapa ukumbini kwetu, akafuta jasho, akaninyooshea mkono.

"Kocha, hebu angalia. Mia saba na kumi na nane."

Saa janja yake, zawadi ya kijana wake aliyeko Dar, ilikuwa inamwambia kwamba ametumia kalori 718 kwa kutembea saa moja. Siku chache nyuma alikuwa amejaza uzito wake na aina ya zoezi kwenye kikokotoo cha mtandaoni, nacho kikampa 273 kwa kazi ileile. Swali lake lilikuwa la mtu wa sokoni hasa: "Sasa mizani ipi imechezewa?"

Nikamwambia mama, anipe siku tatu.

Tuanze na hiyo 273, maana ndiyo rahisi. Vikokotoo vingi vinatumia jedwali la kipimo kinachoitwa MET. MET 1 ni nguvu ya mtu aliyekaa tu, na imewekwa kuwa kalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Kutembea mahali tambarare kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, kama alivyokuwa akitembea yeye, kumepewa MET 3.5. Mama ana kilo 78, kwa hiyo 3.5 × 78 × saa 1 = 273. Basi, imeisha. Kikokotoo hakijui kama una miaka 20 au 70, kama kuna joto au baridi, wala kama umetembea kweli au umejitwika mwili wako kwenye vishikio vya mashine.

Saa inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Watu wengi wanadhani inapima kalori, lakini hakuna saa inayopima kalori. Ukitaka kuzipima kwa uhakika unamvalisha mtu barakoa inayokusanya pumzi yake, kisha unapima oksijeni aliyotumia na hewa chafu aliyotoa. Saa ina taa ya kijani inayomulika damu chini ya ngozi ili kuhesabu mapigo ya moyo, ina kihisio cha kujua mkono unavyotikisika, na ina taarifa ulizoijazia. Kalori inazikisia kutokana na hivyo vitatu, kwa kanuni ambayo kila kampuni inaificha kama mapishi ya familia.

Hata hivyo zipo kanuni za aina hiyo zilizochapishwa. Moja ilitolewa mwaka 2005 na watafiti wa Afrika Kusini, na kwa mwanamke iko hivi:

```
(0.4472 × mapigo − 0.1263 × kilo + 0.074 × umri − 20.4022) ÷ 4.184
```

Jibu ni kalori kwa dakika. Sisemi saa ya mama inatumia hiyo, ila inatusaidia kuona namba zinakotoka.

Jambo la kwanza nililofanya ni kufungua simu yake. Kijana alikuwa amejaza umri wa mama, miaka 42, na kilo zake sawasawa. Jinsia akaiacha ilivyokuwa: mwanaume. Mapigo ya mama siku ile yalikuwa wastani wa 128 kwa dakika. Nikiweka 128 kwenye kanuni ya wanaume ya watafiti walewale, inatoka kalori 712 kwa saa, karibu kabisa na zile 718. Nikiweka kwenye ya wanawake inatoka 432. Tofauti hiyo haijabuniwa. Moyo wa mwanaume kwa kawaida unasukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, na damu yenyewe inabeba oksijeni zaidi, kwa hiyo mapigo 128 ya mwanaume yanamaanisha kazi kubwa kuliko mapigo 128 ya mwanamke. Tukabadilisha jinsia, kesho yake saa kumi alasiri akatembea tena vilevile. Saa ikasema 441.

Karibu kalori 280 zilikuwa zimekaa kwenye kitufe kimoja cha simu.

Lakini 441 bado iko mbali na 273. Nikataka kujua kama saa inasoma mapigo vibaya, kwa sababu hilo hutokea. Taa ya kijani hunyonywa na weusi wa ngozi, na mkanda ukilegea saa inaweza kuacha mapigo ikaanza kuhesabu hatua. (Ukiona mapigo yako yameganda karibu na idadi ya hatua unazopiga kwa dakika, shuku hilo kwanza.) Nikamsimamisha katikati ya zoezi, nikaweka vidole kwenye kifundo cha mkono, nikahesabu kwa sekunde 15: mapigo 32. Mara nne, 128. Saa ilikuwa sahihi.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mapigo yanaweza kuwa sahihi kabisa na kalori zikawa si sahihi, kwa sababu moyo haupigi kwa ajili ya misuli peke yake. Ukumbi wetu umeezekwa bati. Saa kumi alasiri, msimu huu wa kiangazi, ndani panachemka. Mwili unapeleka damu nyingi kwenye ngozi ili upoe, jasho linapunguza maji ya damu, na moyo unalazimika kupiga haraka zaidi ili misuli ipate kilekile ilichokuwa ikipata. Oksijeni inayotumiwa na miguu haijabadilika kwa kiasi cha maana. Saa haijui hayo. Inaona 128 na inadhani mama anapanda mlima.

Siku ya tatu nilimwomba aje saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla hajaenda kupokea mzigo. Mashine ileile, mwendo uleule, muda uleule. Mapigo yakawa wastani wa 112, na saa ikasema 336. Kanuni niliyoandika hapo juu inatoa 329. Kwa kanuni hiyo kila pigo moja linaloongezeka kwa dakika linaleta kalori kama 6 na nusu kwa saa, hivyo mapigo 16 ya joto la bati yamejiandikia kalori zaidi ya 100 ambazo hakuna mguu uliozitumia. Kahawa inafanya hivyo, wasiwasi unafanya hivyo, homa inayoanza inafanya hivyo. Na kwa wanaotumia dawa za presha kama atenololi mambo yanageuka: dawa inazuia mapigo kupanda, saa inampunja mtu.

Sasa imebaki 336 ya saa dhidi ya 273 ya kikokotoo, na hapa sitaki mtu aseme basi kikokotoo ndicho hakimu. Nacho kina kasoro yake. Kinasema mama akiwa amekaa tu anatumia kalori 78 kwa saa, yaani moja kwa kila kilo. Ukitumia kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, ambayo inaangalia pia urefu na umri, kwa sentimita zake 160 inatoka hivi: 10 × 78 + 6.25 × 160 − 5 × 42 − 161 = 1,409 kwa siku, sawa na 59 kwa saa. Kikokotoo kilianza na mzigo uliozidi hata kabla hajapiga hatua.

Isitoshe, kikokotoo hakijui mteremko wala mpando. Ukitoka stesheni, pale mwisho wa reli, ukapanda kuja Mwanga, jedwali la tambarare litakupunja sana. Kwa mwendo huohuo wa kilomita 5 kwa saa, mpando wa asilimia 5 tu unaongeza matumizi ya nguvu kwa zaidi ya asilimia 60. Pale namba ya saa inaweza kuwa karibu na ukweli kuliko ya kikokotoo, kwa kuwa moyo unaujua mlima hata kama jedwali haliujui.

Kosa linaweza kuwa kubwa kiasi gani kwa watu wengi, si kwa mama mmoja? Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivalisha watu 60 vifaa saba vya mkononi, wakawatembeza, wakawakimbiza na kuwaendeshea baiskeli wakiwa na barakoa ya pumzi. Mapigo ya moyo yalisomwa vizuri: vifaa sita kati ya saba vilikosea chini ya asilimia 5. Kwenye kalori, kifaa kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilichoshika mkia asilimia 93. Vifaa vimebadilika tangu wakati huo, lakini bado ni vya kukisia, na mimi ninapomwona mteja ana namba ya saa ninaichukulia kama ina kosa la robo juu au chini, tena kama taarifa zake zimejazwa vizuri.

Kuna jambo jingine linalowapotosha wateja wangu kuliko yote, na halina uhusiano na teknolojia. Zile 273 na zile 336 zote zina ndani yake kalori ambazo mama angezitumia hata angekaa kibarazani akipiga soga. Ukitoa 59 za kukaa, zoezi lenyewe kwa hesabu ya kikokotoo limemwongezea 214. Saa nyingi zinaonyesha namba mbili, moja ya jumla na nyingine ya mazoezi tu, na watu wanaishika ile kubwa kwa sababu inapendeza. Kisha wanakula "walichokiunguza" juu ya chakula cha siku ambacho tayari kilikuwa kimehesabu kukaa kwao. Wamelipwa mara mbili kwa saa ileile.

Kijiko kimoja kikubwa cha mawese kina kalori kama 120. Kwa hiyo saa nzima ya kutembea ya mama ni chini ya vijiko viwili. Kwa namba ya kwanza aliyonionyesha, 718, alikuwa na ruhusa ya vijiko sita. Nilipomweleza hivyo alicheka, akasema kumbe ndiyo maana tangu avae saa kilo hazishuki.

Hajaivua, na sijamshauri aivue. Ila sasa analinganisha asubuhi na asubuhi, kwa mashine ileile, na anaangalia zaidi mapigo kuliko kalori. Mwendo uleule ukianza kumpa mapigo 108 badala ya 112, hiyo ni habari njema ya kweli, ingawa saa yake itaiandika kama kalori zilizopungua.

Kila Jumamosi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu tunamkagulia mteja saa yake bila malipo: tunapima uzito na urefu, tunahesabu mapigo kwa kidole, tunamtembeza dakika 20 kwenye mashine bila kushika vishikio, kisha tunamwandikia namba zote kwenye karatasi moja. Usinywe kahawa kabla ya kuja, na kama unatumia dawa ya presha tuambie, usiiache. Mkanda uvae kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo, ubane bila kuumiza. Na uje na simu iliyounganishwa na saa, hata kama ni ya mtoto, maana bila simu hiyo jinsia na kilo havibadilishiki.